Kiwanda cha ushirika kimetangaza faida, lakini mwenye mtaji amelipwa?

Msimu wa korosho ukishapita na hesabu zikishafungwa, vyama vyetu huitisha mikutano mikuu. Masasi wapo chini ya MAMCU, Newala na Tandahimba wapo chini ya TANECU, na chini yao kuna vyama vya msingi, AMCOS, kila kimoja na ofisi yake na ghala lake. Taarifa ya fedha husomwa haraka haraka: kitengo hiki kimepata faida kiasi hiki, kile kiasi kile. Wajumbe wanapiga makofi, ajenda inayofuata inaanza.

Swali tunaloletewa mara kwa mara na wasikilizaji kwa ujumbe wa simu ni hili: kama kitengo kinapata faida kila mwaka, mbona makato kwenye kilo hayapungui, na mbona kila mwaka chama kinaenda kukopa? Ni swali zuri, na jibu lake halihitaji kumtuhumu mtu wizi. Mara nyingi hesabu ni safi, mkaguzi ameisaini, hakuna senti iliyopotea. Tatizo ni kwamba neno "faida" linavyotumika kwenye taarifa zile limeacha nje gharama moja kubwa, nayo ni gharama ya mtaji wa wanachama wenyewe.

Fedha ya Julai si fedha ya Novemba

Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kufundishwa kwamba fedha ina bei. Wanaijua kupitia kangomba. Mwezi wa Julai nyumba haina kitu, mtoto anadaiwa sare, salfa haijanunuliwa. Anakuja mtu na fedha mkononi, anakupa kiasi leo, na ukivuna utampa korosho. Ukija kupiga hesabu baada ya mnada unakuta kilo uliyompa ilikuwa na thamani maradufu ya fedha aliyokupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku na inaumiza, lakini inaonyesha wazi kwamba shilingi inayokaa miezi minne mahali pamoja imemgharimu mtu. Aliyeitoa angeweza kuifanyia kitu kingine.

Sasa chukua fedha ya chama. Ikitoka benki, gharama yake inaonekana: riba inaandikwa, inatolewa kwenye mapato, ndipo faida inatajwa. Lakini fedha ikitoka kwa wanachama, yaani hisa zao, makato yao ya miaka iliyopita na faida ambazo hazikugawanywa, hakuna mahali kwenye taarifa ya mapato na matumizi panapoandikwa gharama yake. Inachukuliwa kama maji ya mvua. Newala, mahali ambapo maji yamepandishwa mlima kwa mashine kwa miaka mingi, nadhani tunaelewa kwamba hata maji si ya bure.

Gharama ya mtaji wa wanachama ni kile walichokikosa kwa kuuacha humo. Fedha ileile ingeweza kununua hatifungani ya serikali ya muda mrefu, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila mwenyewe kuamka alfajiri. Biashara yenye hatari kuliko hatifungani lazima ilipe zaidi ya hapo, la sivyo mwanachama anabeba hatari bure. Kwa hiyo kipimo cha kweli cha kitengo ni faida yake ukishatoa riba ya benki, kodi, na pia malipo ambayo wenye mtaji wangestahili. Kinachobaki juu ya hapo ndicho wataalamu wanakiita thamani ya kiuchumi iliyoongezwa. Kisipobaki kitu, kitengo kimepunguza thamani hata kama kimeandika faida.

Wazo hili si jipya. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall alishaliandika mwaka 1890: mwenye biashara akishatoa riba ya mtaji wake mwenyewe, kile kinachobaki ndicho ujira wa kuendesha biashara. Karibu miaka mia moja baadaye kampuni ya ushauri ya Stern Stewart ya New York ililifanya kuwa kipimo cha kuuza kwa makampuni makubwa yenye matawi mengi, ili bosi wa kila tawi ahesabiwe kwa mtaji aliopewa.

Vitengo viwili, chama kimoja

Tufanye hesabu. Mfano huu ni wa kutunga, si wa MAMCU, si wa TANECU wala wa chama chochote kingine. Nimeweka namba za mviringo ili ziweze kushikika kichwani.

Chama kina vitengo viwili. Cha kwanza ni ghala la kupokea korosho ghafi kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ule ulioanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/08. Ghala linatoza ada kwa kila kilo. Cha pili ni kiwanda cha kubangua korosho. Mkutano mkuu unaelezwa kwamba ghala limepata faida ya shilingi milioni 70, na kiwanda milioni 84. Ukumbi unaelewa kwamba kiwanda ndicho mtoto mwenye akili.

Tuanze na ghala. Jengo, mizani, mapaleti na vifaa vingine vina thamani ya milioni 400, zote fedha za wanachama. Ghala halinunui korosho. Linapokea za watu, linazihifadhi, linatoza. Bei ya dunia ikianguka, ada yake kwa kilo iko palepale. Hatari yake ni ndogo kiasi, kwa hiyo tuseme wanachama wangeridhika na asilimia 12. Asilimia 12 ya milioni 400 ni milioni 48. Faida ya milioni 70 ukitoa 48, inabaki milioni 22. Ghala limeongeza thamani.

Sasa kiwanda. Kinabangua tani 1,000 za korosho ghafi kwa mwaka, kilizonunua kwa bei ya mnada ya shilingi 3,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi bilioni 3. (Ndiyo, minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 ilipita 4,000, nimechukua 3,000 kwa sababu ni rahisi kuzidisha.) Kila kilo 100 za korosho ghafi zinatoa kilo 24 za korosho iliyobanguliwa, kwa hiyo zinapatikana tani 240. Zikiuzwa kwa wastani wa shilingi 16,000 kwa kilo, nzima na zilizovunjika zikichanganywa kwenye wastani huo, mapato ni bilioni 3 na milioni 840. Ujira, umeme, vifungashio, usafiri na uchakavu wa mashine ni milioni 540. Inabaki milioni 300. Riba ya benki ni milioni 180, inabaki 120. Kodi ya mapato ya asilimia 30 ni milioni 36. Ndiyo zile milioni 84 za kwenye taarifa.

Hapo ndipo watu wengi huishia. Swali linalofuata ni: mtaji gani umefungwa mle ndani?

Majengo na mashine ni bilioni 1 na milioni 200. Wengi wakiulizwa mtaji wa kiwanda hutaja hizo tu, kwa sababu ndizo zinazoonekana ukipita barabarani. Lakini korosho yenyewe ni mtaji mkubwa zaidi. Msimu wetu unafunguka Oktoba na kufunga miezi michache baadaye, wakati kiwanda kinataka kufanya kazi mwaka mzima. Lazima kinunue karibu zote mwanzoni na kuzihifadhi. Siku ya kwanza kuna tani 1,000 ndani, siku ya mwisho hakuna kitu, na kwa wastani wa mwaka zimekaa tani 500. Hizo ni bilioni 1 na nusu zilizolala kwenye magunia. Ongeza milioni 300 za korosho iliyobanguliwa inayosubiri meli na wanunuzi ambao hawajalipa. Jumla, kiwanda kimeshikilia mtaji wa bilioni 3.

Nusu ya fedha hiyo, bilioni 1 na nusu, ni mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 12, na ndiyo ile milioni 180 iliyokwisha kutolewa. Nusu nyingine ni ya wanachama. Kiwanda kina hatari kubwa kuliko ghala, kwa sababu kinanunua kwa bei ya Novemba na kuuza kwa bei ya Juni mwaka unaofuata, na bei hiyo hatuipangi sisi. Tuseme wanachama wanastahili asilimia 14. Asilimia 14 ya bilioni 1 na nusu ni milioni 210.

Kiwanda kimewapatia milioni 84. Kimepungukiwa na milioni 126.

Makampuni makubwa hufanya hesabu hii kwa njia nyingine kidogo, na ni vizuri kuiona kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye maandiko ya wahasibu. Wanaacha riba pembeni kwanza. Faida kabla ya riba ni milioni 300. Wakitoa kodi ya asilimia 30 inabaki 210. Halafu wanatafuta bei ya wastani ya mtaji wote. Mkopo wa asilimia 12 kwao unahesabiwa asilimia 8.4, kwa sababu riba inapunguza faida inayotozwa kodi, na hivyo serikali imebeba sehemu yake. Mtaji wa wanachama ni asilimia 14. Nusu kwa nusu, wastani ni asilimia 11.2. Asilimia 11.2 ya bilioni 3 ni milioni 336. Toa 336 kwenye 210, unapata upungufu wa milioni 126, uleule. Kama njia hizi mbili zikikupa majibu tofauti, kuna mahali umekosea.

Bei ya korosho inayoingia kiwandani

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopotosha zaidi hesabu za vitengo katika vyama vya wakulima. Kiwanda na wakulima ni wa chama kimoja. Kwa hiyo mtu anaweza kupendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba kiwanda chetu kipewe korosho kwa bei nafuu kidogo kuliko ya mnada, ili kisimame.

Tuseme kimeuziwa kwa shilingi 2,800 badala ya 3,000. Tani 1,000 ni kilo milioni moja, kwa hiyo gharama inapungua kwa milioni 200. Baada ya kodi, faida inapanda kwa milioni 140. Na kwa kuwa akiba iliyolala ghalani nayo imeandikwa kwa bei ya chini, mtaji unapungua kwa milioni 100 na gharama yake inapungua kwa milioni 11 hivi. Ghafla kile kiwanda chenye upungufu wa milioni 126 kinaonyesha thamani iliyoongezwa ya milioni 25. Meneja anasifiwa.

Hakuna kilichobadilika kiwandani. Mashine ni zilezile, akina mama wanaochambua ni walewale, korosho zinavunjika kama zilivyokuwa zinavunjika. Kilichotokea ni kwamba milioni 200 zimetoka mifukoni mwa wakulima, shilingi 200 kwa kila kilo, zikapita kiwandani na kuitwa faida, na njiani milioni 60 zimekwenda kodi. Kipimo chetu kimekuwa kizuri kwa kuharibiwa.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza kitengo kimepata faida kiasi gani, uliza kimenunua malighafi kwa bei gani na siku ile mnada ulikuwa bei gani. Korosho iliyoingia kiwandani ihesabiwe kwa bei ambayo mnunuzi wa nje angeilipa siku hiyo. Wanachama wakiamua kukisaidia kiwanda, ni haki yao, lakini msaada uandikwe msaada, kwenye mstari wake.

Mashine za zamani na hesabu ya mtaji

Kuna mtego wa pili, na historia yetu inao mfano. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Newala ilipata, Masasi ilipata. Wakati mipango inachorwa uzalishaji ulikuwa juu: msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya takriban tani 145,000. Halafu watu wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ikawa ndogo, ubwiriunga ukaingia mashambani. Msimu wa 1986/87 zilikusanywa tani 16,500 hivi. Mashine zilikuwepo, korosho hazikuwepo. Vingi vya viwanda vile vilifanya kazi kidogo au havikufanya kabisa, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala.

Mashine iliyozimwa haili umeme, lakini mtaji uliomo unaendelea kudai riba kila siku. Ukiwa na kiwanda cha tani 10,000 na unabangua tani 2,000, kila kilo inayobanguliwa inabeba gharama ya mtaji wa kilo tano. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kujenga si mashine ina uwezo wa tani ngapi, ni tani ngapi atazipata kwa bei ya mnada mwaka ambao mvua imekataa.

Mtego upo upande wa pili pia. Jengo la zamani likishakatwa uchakavu kwa miaka mingi, vitabu vinaweza kulionyesha kwa thamani karibu na sifuri. Kitengo kinachokaa humo kitaonekana kinaongeza thamani sana, kwa kuwa kimehesabiwa hakina mtaji. Lakini ghala lile lingeweza kukodishwa kwa mnunuzi wakati wa msimu. Thamani inayotakiwa kwenye hesabu ni ile ambayo mtu angelilipia leo, si ile iliyobaki kwenye daftari. Kinyume chake, kiwanda kipya huonekana kibaya miaka miwili mitatu ya mwanzo, kwa sababu mtaji wake uko kamili na wafanyakazi bado wanajifunza. Kuhukumu kiwanda kipya kwa mwaka mmoja ni kumpima mtoto mbio kabla hajasimama. Mimi ningeomba hesabu ya miaka mitano, miwili iliyopita na mitatu ijayo, ubaoni.

Wapi pa kushika

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba ukishajua upungufu, unajua pa kuutafutia. Kiwanda chetu cha mfano kinahitaji milioni 126 baada ya kodi, yaani milioni 180 kabla ya kodi. Angalia utoaji. Kikipata kilo 25 badala ya 24 kutoka kila kilo 100, hizo ni tani 10 zaidi, shilingi milioni 160 kabla ya kodi, bila kununua hata gunia moja la ziada. Hapo karibu pengo lote limezibwa. Kilo ile moja inapatikana kwa kununua korosho yenye ubora, ule unaopimwa mnadani kwa ratili katika gunia la kilo 80, kwa kukausha vizuri, na kwa kurekebisha visu vya kupasulia kwa ukubwa wa punje. Zikivunjika chache, na bei ya wastani nayo inapanda, kwa kuwa korosho nzima huuzwa ghali kuliko vipande.

Halafu angalia magunia yaliyolala. Kiwanda kikibangua tani zilezile kwa miezi sita badala ya kumi na miwili, kwa zamu mbili, na mashine zikistahimili, wastani wa akiba kwa mwaka unashuka kutoka tani 500 hadi 250. Mtaji wa milioni 750 unaachiliwa, na kwa asilimia 11.2 hiyo ni milioni 84 zilizookolewa. Taarifa ya kawaida ya faida ingeonyesha sehemu tu ya ahueni hiyo, ile ya riba ya benki. Lakini ikibidi kununua mashine za ziada, gharama yake inarudi mlango wa nyuma, na wafanyakazi watakaa nusu mwaka bila ujira.

Jinsi akiba iliyolala inavyoweza kuuma tuliiona kwa macho msimu wa 2018/19. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi kutoa bei ndogo. Korosho nyingi zilikaa maghalani miezi mingi. Hata mtu asiyebishana na uamuzi wenyewe anaweza kuona kwamba kila mwezi wa kukaa ulikuwa na bei yake.

Kuna lisilopimwa hapa pia, na wasikilizaji wa kiwandani wangenigombeza nikiliacha. Ujira wa wale akina mama wa kubangua na kuchambua umo kwenye hesabu kama gharama, wakati kwa Newala nzima ni kipato kinachonunua unga na madaftari. Kiwanda chenye upungufu wa milioni 126 kinaweza kuwa kinalipa ujira wa mamia ya milioni. Mkutano mkuu unaweza kuamua kwamba hilo linastahili. Lakini basi wajumbe wajue bei wanayoilipa, kwa kilo moja ya mwanachama mmoja: katika mfano wetu, milioni 126 kwa kilo milioni moja zilizobanguliwa ni shilingi 126 kwa kila kilo.

Ukienda mkutanoni mwaka huu, mizania ndiyo karatasi ya kuomba pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Kwenye mizania kuna majengo, mashine, akiba ya korosho na madeni ya wateja. Omba zigawanywe kwa kitengo. Mhasibu akisema zimechanganywa na haziwezi kutenganishwa, basi hata zile milioni 84 na milioni 70 alizozisoma ametenganisha nusu tu ya hesabu.